Fedha Zipo Benki, Lakini Si Zote za Ofisi

Swali ambalo mhasibu wa shirika la hisani huulizwa kuliko jingine lolote huja mwisho wa mwezi, mishahara inapochelewa. Mkurugenzi ametazama taarifa ya benki, ameona shilingi milioni 96, na anataka kuelewa kwa nini ofisi inashindwa kulipa milioni 6. Jibu ni kwamba kati ya milioni hizo 96, za ofisi ni milioni moja tu. Nimekagua vitabu vya mashirika madogo kwa muda mrefu, na jibu hili bado huwashangaza watu wenye elimu na nia njema. Ndiyo maana nataka kulieleza taratibu, kwa shirika moja la mfano ambalo hesabu zake nimezirahisisha.

Shirika letu lina makao wilayani na lina akaunti moja ya benki. Mwanzoni mwa mwaka mfadhili mmoja alilipa milioni 120 za kuchimba visima vitatu katika vijiji vitatu, kila kisima milioni 40. Kisima cha kwanza kimekamilika, kwa hiyo zimebaki milioni 80. Mtu mwingine alitoa milioni 24 za ada za wanafunzi. Milioni 9 zimekwisha lipwa shuleni, zimebaki 15. Pembeni kuna michango ya wanachama na sadaka zilizotolewa bila maelekezo yoyote. Hizo ndizo zinazolipa pango, umeme, mlinzi, na mishahara ya mkurugenzi na mhasibu, na hadi tarehe 31 Machi imebaki milioni 1. Jumlisha 80, 15 na 1, utapata zile 96.

Kila fungu kati ya hayo matatu wahasibu tunaliita mfuko. Mfuko si akaunti ya benki. Akaunti moja inaweza kubeba mifuko kumi, na mfuko mmoja unaweza kutawanyika katika akaunti mbili na kisanduku cha fedha taslimu. Mfuko ni jibu la swali moja: fedha hizi zilitolewa kwa ajili gani? Visima na ada ni mifuko yenye masharti, kwa sababu mtoaji alitaja kazi yake wakati wa kutoa. Michango isiyotajiwa kazi huingia katika mfuko wa jumla, nao huweza kutumika kwa lolote lililo ndani ya malengo ya shirika.

Sharti hilo lina nguvu kiasi gani? Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, Tanzania na Kenya zikiwemo, fedha iliyotolewa kwa kazi maalumu inaweza kuhesabiwa kuwa amana: shirika limeishika, lakini halina uhuru wa kuigeuzia kazi nyingine. Wasomaji wa mwambao hawahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa wanaufahamu wakfu. Aliyeweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti fulani, sharti lake hufuatwa hata baada ya kufa kwake, na msimamizi hawezi kupeleka kodi ya nyumba hiyo anakoona panafaa zaidi. Ruzuku ya visima haina tofauti kubwa na hilo, isipokuwa kwamba mfadhili yuko hai, ana mkataba wenye sahihi mbili, na anaweza kudai fedha zake zirudishwe.

Sasa tuone jambo linavyoharibika. Kuanzia Aprili hadi Juni ofisi inatumia milioni 6 kila mwezi kwa mishahara, pango na umeme, jumla milioni 18. Michango huru iliyoingia katika miezi hiyo mitatu ni milioni 2. Mkurugenzi anasema, "Tulipe tu, tutarudisha ruzuku ya mwakani ikiingia." Benki haijui habari za mifuko, kwa hiyo hundi zinapita. Ukichukua 96, ukaongeza 2 na kuondoa 18, salio la Juni ni milioni 80.

Mtu akiitazama namba hiyo harakaharaka hupata faraja ya uongo. Mfuko wa visima una milioni 80, na benki kuna milioni 80. Mambo yako sawa. Lakini ada za wanafunzi nazo bado zinadai milioni 15, na hizo hazipo popote. Mfuko wa jumla ulianza na 1, ukapokea 2, ukatumia 18. Umeshuka hadi milioni 15 chini ya sifuri. Upungufu huo umejificha nyuma ya fedha za watu wengine, na hakuna chombo chochote benki kitakachouonyesha.

Julai shule zinafunguliwa na milioni 15 za ada zinalipwa. Salio ni 65. Agosti mchimbaji anamaliza kisima cha pili na kuchukua milioni 40. Salio ni 25. Septemba anakwenda kijiji cha tatu, na hapo ndipo ukweli unapojitokeza: kazi ni ya milioni 40, benki kuna 25. Hakuna aliyeiba hata senti. Kila hati ya malipo ina risiti na sahihi. Hata hivyo, kijiji cha tatu kimelipa pango la ofisi ya wilayani bila kuulizwa, na kina mama wake wataendelea kufuata maji mbali kwa msimu mwingine wa kiangazi.

Kulipa deni hilo ni kugumu kuliko wengi wanavyodhani. Milioni 15 zilizoliwa haziwezi kurudishwa kwa ruzuku mpya, kwa kuwa ruzuku mpya nayo itakuja na masharti yake. Ukifanya hivyo umehamisha shimo kutoka mradi mmoja hadi mwingine. Zinaweza kurudishwa kwa michango huru peke yake, na shirika letu hupata milioni 2 tu kwa robo mwaka, ambazo hazitoshi hata gharama zake lenyewe. Kumbuka kwamba mlango kati ya mifuko hufunguka upande mmoja. Mfuko wa jumla unaweza kusaidia mradi uliopungukiwa, maana umeruhusiwa kufanya lolote jema la shirika. Mfuko wenye masharti hauwezi kuusaidia mfuko wa jumla, hata kwa muda mfupi, bila idhini ya aliyetoa.

Tatizo hili lingeonekana mwezi Aprili, kabla ya madhara, kama vitabu vingeandikwa kwa namna inayofaa. Katika duka la kawaida kila muamala hupewa alama moja inayoeleza fedha imetumika kwa kitu gani: mafuta, mshahara, karatasi. Katika shirika la hisani kila muamala huhitaji alama mbili, ya kitu kilichonunuliwa na ya mfuko uliokinunua. Lita 40 za dizeli za kupeleka mitambo kijijini huandikwa "mafuta" na pia "visima". Lita 40 za kumpeleka mkurugenzi mkutanoni ni "mafuta" vilevile, lakini mfuko ni wa jumla. Dereva anayetumikia kazi zote mbili hujaza karatasi ya saa zake kila siku, na mshahara wake hugawanywa kwa kufuata karatasi hiyo. Ukigawanywa kwa kukisia mwisho wa mwaka, mkaguzi atakataa, na ana haki.

Vitabu vikiwa hivyo, kipimo ni chepesi. Kila mwisho wa mwezi jumlisha masalio ya mifuko yote yenye masharti, kisha linganisha na fedha zilizopo benki na mkononi, baada ya kuondoa ankara ambazo hazijalipwa. Masharti yakizidi fedha, kuna mfuko unaoliwa. Mwisho wa Aprili, hata kama zile milioni 2 zote zingekuwa zimeingia mwezi huo, shirika letu lingekuta masharti ya milioni 95 mbele ya salio la 92, na bodi ingekuwa na pengo la milioni 3 la kujadili badala ya 15. Kufungua akaunti ya benki kwa kila mradi husaidia, na wafadhili wengine hulitaka hilo, lakini nimeona mashirika yenye akaunti saba yaliyoazimana fedha kati ya akaunti hizo mpaka hakuna aliyejua nani anamdai nani.

Kuna mkanganyiko mmoja unaohitaji kuondolewa. Bodi ikiamua kutenga milioni 10 za mfuko wa jumla kwa ajili ya kununua pikipiki, hizo hazijawa fedha zenye masharti. Bodi imejiwekea mpango, na mwezi ujao inaweza kuubadili kwa kura. Sharti la kweli hutoka kwa mtoaji, na bodi haina kura juu yake. Huwa naona mizania ambazo zimechanganya mambo haya mawili, ama kwa kuifanya akiba ya bodi ionekane imefungwa, ama, kwa hatari zaidi, kwa kudhani ruzuku inaweza kufunguliwa kwa muhtasari wa kikao.

Je, pango la ofisi lilipwe na nani basi? Visima havichimbwi na hewa. Mtu lazima akae ofisini aandike mikataba. Haki ya mradi kuchangia gharama hizo ni halali kabisa, ila hujadiliwa kabla ya sahihi, ndani ya bajeti. Serikali ya Marekani, kwa mfano, iliwaruhusu wapokeaji wa ruzuku zake wasio na kiwango kilichojadiliwa kudai hadi asilimia 10 ya gharama zinazohesabika kwa ajili ya uendeshaji, na kuanzia Oktoba 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi asilimia 15. Laiti shirika letu lingeomba asilimia 10 juu ya milioni 120, lingekuwa na milioni 12 halali za ofisi. Halikuomba, kwa kuogopa kuonekana lina tamaa. Hofu hiyo ndiyo iliyolifikisha lilipo.

Na mambo yakibadilika katikati ya njia, mtoaji huulizwa. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 katika Bahari ya Hindi, Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walipokea fedha nyingi kuliko kazi waliyoweza kufanya katika maeneo yaliyopigwa. Mapema Januari 2005 walitangaza kwamba hawapokei tena michango ya janga hilo, jambo lililowashangaza wengi. Kisha wakawaendea waliokwisha kutoa, wakawaomba ruhusa ya kupeleka fedha zao kwenye dharura nyingine, Darfur ikiwemo. Walio wengi mno walikubali. Waliotaka kurudishiwa walirudishiwa.

Shirika dogo linaweza kuomba ruhusa hiyo mapema zaidi, katika tangazo la mchango lenyewe. Tangazo linalosema "Changia kisima cha kijiji" limefunga kila shilingi kwenye kisima hicho, hata zikibaki milioni 3 baada ya pampu kufungwa. Ongeza mstari mmoja tu chini yake: "Kiasi kitakachozidi mahitaji ya kisima hiki kitatumika kwa kazi nyingine za maji za shirika." Anayetoa baada ya kuusoma mstari huo ametoa ruhusa yake pamoja na fedha yake, na mhasibu atajua aiandike katika mfuko gani.