Kupanga Maneno kwa Visanduku vya Herufi

Orodha ya maneno inaweza kupangwa kialfabeti kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulinganisha: maneno mawili huchukuliwa, huangaliwa lipi litangulie, kisha mengine mawili, mpaka orodha nzima inyooke. Ya pili hailinganishi neno na neno hata mara moja. Hutazama herufi ya kwanza ya kila neno na kulitia neno hilo katika kisanduku cha herufi hiyo, kisha hurudi kwenye kila kisanduku na kuyagawa maneno yaliyomo kwa herufi ya pili, halafu ya tatu, mpaka kila neno lipate mahali pake. Wanaoandika programu za kompyuta huuita huo upangaji wa radiksi, na katika orodha kubwa za majina na maneno mara nyingi huishinda njia ya kwanza kwa mwendo.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha kazi inavyokwenda. Maneno kumi yamefika yakiwa yamevurugika hivi: mtoto, kisu, embe, kitabu, mbuzi, kiti, mto, samaki, kitanda, mbu. Katika mzunguko wa kwanza, kisanduku cha E kinapata embe, cha S kinapata samaki, cha K kinapata kisu, kitabu, kiti na kitanda, na cha M kinapata mtoto, mbuzi, mto na mbu. Embe na samaki yako peke yake, kwa hiyo kazi yake imekwisha. Herufi zake nyingine hazitasomwa kamwe.

Kisanduku cha K kinafunguliwa kwa herufi ya pili, lakini maneno yote manne yana I hapo, kwa hiyo mzunguko huo haugawi chochote. Herufi ya tatu inakitenga kisu, kwa kuwa S iko kabla ya T. Herufi ya nne inakitenga kiti, chenye I, na kuyaacha kitabu na kitanda, yenye A. Ya tano inayaamua hayo mawili: B, kisha N. Mpangilio wa kisanduku hicho ukawa kisu, kitabu, kitanda, kiti.

Kisanduku cha M kina jambo jingine la kuangalia. Herufi ya pili inayagawa maneno kuwa mbuzi na mbu upande mmoja, mtoto na mto upande mwingine. Mbuzi na mbu yanalingana hadi herufi ya tatu, na kwenye nafasi ya nne mbu haina herufi tena. Programu isiyojiandaa kwa hali hiyo hukwama, au husoma kitu kisicho sehemu ya neno. Dawa yake ni kuuhesabu mwisho wa neno kama herufi inayotangulia A, na kuupa kisanduku chake. Mbu inaingia humo na kuitangulia mbuzi, kama vile mto inavyoitangulia mtoto. Neno lililoingia katika kisanduku cha mwisho halifunguliwi tena, maana hakuna kilichobaki cha kusoma.

Visanduku vikimwagwa kwa zamu, orodha inatoka ikiwa imenyooka: embe, kisu, kitabu, kitanda, kiti, mbu, mbuzi, mto, mtoto, samaki. Maneno hayo yana herufi 47 kwa jumla, na kazi yote imetazama nafasi 35 tu, zikiwemo mbili za mwisho wa neno.

Ndani ya kompyuta, visanduku hivyo si makopo yanayojazwa na kumwagwa. Kwanza programu hupita juu ya orodha na kuhesabu tu: E ni 1, K ni 4, M ni 4, S ni 1. Hesabu hiyo inaonyesha kila herufi itaanzia wapi, yaani E kwenye nafasi ya 1, K kwenye ya 2, M kwenye ya 6 na S kwenye ya 10. Kisha inapita mara ya pili ikiyaweka maneno. Mtoto, lililotangulia kusomwa, linakwenda nafasi ya 6, na neno la M linalofuata litapewa ya 7. Kisu linapata ya 2, embe ya 1, kitabu ya 3, mbuzi ya 7. Hakuna neno linalosukumwa kupisha lingine, kwa sababu nafasi zilikwisha kutengwa kabla ya neno lolote kuhamishwa. Maneno ya kisanduku kimoja yanabaki pia katika mfuatano ule ule yaliofika nao, sifa ambayo itaonekana thamani yake mbele kidogo.

Nguvu ya njia hii iko katika kutorudia kusoma. Anayelinganisha kitabu na kitanda husoma K-I-T-A mara mbili kabla ya kufika kwenye herufi inayoamua, na neno kitabu likikutana na kitambaa, huanza tena mwanzo. Kupanga maneno milioni moja kwa kulinganisha humfanya kila neno apite katika raundi zipatazo 20, na katika kila raundi mwanzo ule ule unaweza kusomwa upya. Radiksi ikishajua kwamba maneno fulani yote yanaanza na KITA, haiziulizi tena herufi hizo nne.

Upo pia mpangilio unaoanzia nyuma, kwenye herufi ya mwisho. Huo ndio uliotumika kwa miaka mingi na mashine za kadi zenye matundu, zilizotokana na kazi ya Herman Hollerith katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Mashine ya kupanga kadi ilisoma safu moja tu kwa mpito mmoja na kuziangusha kadi katika mifuko yake. Kama mwendeshaji angeanza na safu ya kwanza, ingembidi kuweka pembeni rundo la kila mfuko, kisha marundo ndani ya marundo, na meza ingejaa. Kwa kuanzia safu ya mwisho, alikusanya kadi zote kwa mfuatano wa mifuko baada ya kila mpito na kuzirudisha mashineni kama rundo moja.

Maneno manne ya herufi tatu yanaonyesha kwa nini hilo linafaulu: pua, bao, paa, bua. Kwa herufi ya mwisho yanakuwa pua, paa, bua, bao. Kwa ya katikati: paa, bao, pua, bua. Kwa ya kwanza: bao, bua, paa, pua. Mpito wa mwisho ulizitazama B na P tu, ila bao imeitangulia bua kwa sababu ilikwisha kuitangulia kabla ya mpito huo, na kisanduku kilihifadhi mfuatano. Mashine inayochanganya kadi ndani ya mfuko ingeharibu kazi yote ya mipito iliyopita. Njia hii hupendeza kwa namba za usajili na misimbo yenye urefu mmoja. Kwa maneno ya kawaida haifai sana: yana urefu tofauti, na inalazimu kusoma kila herufi ya kila neno, hata zile ambazo haziamui kitu.

Kuanzia mbele nako kuna gharama yake, na hujificha kwenye visanduku vitupu. Kompyuta huisoma herufi kama baiti, na baiti ina thamani 256. Ili kutenganisha kitabu na kitanda peke yake, programu inafuta vihesabio 256, inasoma herufi mbili, kisha inavipitia tena vihesabio 256 kutafuta nafasi za kuanzia. Ni zaidi ya hatua 500 kwa ajili ya maneno mawili. Orodha kubwa ikigawanyika kuwa vikundi vidogo 100,000, vihesabio vya kufutwa tu vinafika milioni 25.6. Dalili yake huonekana wazi: programu inakwenda kasi mizunguko ya mwanzo, halafu inajikokota mwishoni, wakati maneno karibu yote yamekwisha kukaa karibu na mahali pake.

Tiba ya kwanza ni kuacha radiksi mapema. Kikundi kikifikia maneno kumi na kitu, programu inakipanga kwa kulinganisha kawaida, ikianzia kwenye herufi iliyofikiwa badala ya mwanzo wa neno. Anayesahau sharti hilo la mwisho anapoteza faida yote aliyoipata njiani. Tiba ya pili ilielezwa na Jon Bentley na Robert Sedgewick mwaka 1997: badala ya visanduku 256, vitumike vitatu. Inachaguliwa herufi moja, tuseme K, na maneno yanagawanywa kuwa yaliyo chini yake, yenye herufi hiyo, na yaliyo juu yake. Kundi la katikati tu ndilo linalosogea kwenye herufi inayofuata. Visanduku vitupu vinaisha, na mianzo mirefu inayofanana bado inasomwa bila marudio ya bure.

Mianzo ya namna hiyo Kiswahili kinayo kwa wingi. Orodha ya vitenzi iliyoandikwa kupika, kupima, kupiga, kusoma, kulima itatumia mizunguko miwili mizima juu ya KU bila kugawa chochote. Ndiyo maana orodha hizo hupangwa vizuri zaidi kwa shina: pika, pima, piga, soma, lima.

Usumbufu mkubwa zaidi kwa Kiswahili ni ritifaa. Kisanduku hakijui alfabeti, kinajua namba ya baiti. Ritifaa iliyonyooka ni 39, herufi ndogo zinaanzia 97 na kuishia 122. Kwa hiyo ng'ombe inaitangulia ngamia. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, huanza na baiti 226 katika UTF-8, na hapo ng’ombe inaangukia nyuma ya nguruwe na hata ngwena. Faili moja likiwa na ritifaa za aina zote mbili, ng'ombe atatokea mara mbili katika ncha mbili tofauti za maneno ya NG, na asiyejua sababu atadhani programu imeharibika. Herufi kubwa nazo zina mkasa kama huo: Z kubwa ni 90, kwa hiyo Zanzibar inaitangulia embe.

Kabla ya kupanga, basi, kila neno litengenezewe nakala ya kupangia: herufi zote ndogo, ritifaa zimeondolewa. Radiksi ifanye kazi juu ya nakala hiyo, na neno lenyewe libaki lilivyoandikwa. Maneno kama ngoa na ng'oa yatakuwa na nakala moja, kwa hiyo iwekwe kanuni ya ziada, kwa mfano lisilo na ritifaa litangulie. Atakayetaka kujua kama programu yake imeandaliwa kwa Kiswahili aipe maneno manne: nguruwe, ng'ombe, Ngamia, ngoa. Ikirudisha Ngamia, ngoa, ng'ombe, nguruwe, imefaulu.