Taa za Busia na Tororo Zionekanavyo Kutoka Angani

Mnamo saa saba na nusu usiku, mji wa Busia huwa umelala nusu. Maduka mengi yamekwisha kufungwa, mama lishe wamezima majiko, na katika nyumba nyingi taa imezimwa ili kubana matumizi. Katika kituo cha mpakani, hata hivyo, taa kubwa zingali zinamulika malori. Ni karibu na saa hiyo hiyo ambapo setilaiti iitwayo Suomi NPP, iliyorushwa na Marekani mwezi Oktoba 2011, hupita juu ya Afrika Mashariki na kupima mwangaza unaotoka ardhini.

Vipimo hivyo hutolewa bure, na wapo wapangaji wa miji wanaovitumia kukadiria ukuaji: mwangaza ukiongezeka, huhesabu kwamba mji umekua. Kwa jiji kama Nairobi au Kampala, njia hiyo hufaa kwa kiasi kikubwa. Kwa miji midogo kama Busia na Tororo, hapana budi ndugu msomaji afahamu kwanza jinsi picha hizo zinavyotengenezwa, kwa sababu mtaa usioonekana katika ramani ya taa huweza kusahauliwa wakati wa kugawa visima na madarasa.

Picha za namna hii zilizo tayari kwa hesabu zinaanzia mwaka 1992. Zile za awali zilipigwa na setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani, zijulikanazo kama DMSP. Kila nuru ilipewa namba kuanzia 0 hadi 63, na nuru ya mahali pamoja ilienea katika picha hadi kilomita kadhaa kutoka pale ilipo. Katika picha hizo mji wa Tororo, stesheni yake ya reli na kiwanda chake cha saruji huchanganyika na kuwa doa moja. Busia nayo ina shida ya pekee: mji mmoja uko Uganda, mwingine uko Kenya, na mpaka unapita katikati ya watu. Doa la nuru haliheshimu mpaka, wala hakuna awezaye kulikata kwa haki na kusema nusu hii ni ya Kenya na nusu ile ni ya Uganda.

Suomi NPP inaona vizuri zaidi. Picha zake za mwezi hugawanywa katika miraba ambayo, karibu na ikweta, kila mmoja una ubavu wa meta 460 hivi, yaani hekta zipatazo 21. Mraba mmoja waweza kubeba soko, kituo cha mabasi na nyumba mia kadhaa. Setilaiti haioni nyumba moja moja. Hutoa namba moja tu kwa vyote vilivyomo.

Mfano wa hesabu utaonyesha tatizo linalozuka hapo. Namba hizi ni za kujifunzia tu, wala hazikupimwa Busia. Tuseme mji umeenea katika miraba 20. Mraba wa kituo cha mpakani una vizio 10 vya mwangaza, na miraba 19 iliyobaki ina nusu kizio kila mmoja. Jumla ni vizio 19 na nusu. Kisha kituo kinajengwa upya na kuwekewa taa kubwa, na mraba wake unapanda kutoka vizio 10 hadi 20. Jumla ya mji sasa ni 29 na nusu. Mtu aliye ofisini, mbali na Busia, atasoma kwamba mji umekua kwa nusu nzima, ilhali haikuongezeka hata nyumba moja.

Katika mji huo huo, tuseme pembeni kumejengwa nyumba 300 katika miraba mitatu. Wakazi wake wanatumia vibatari na taa ndogo za jua, na saa saba na nusu usiku wamekwisha kulala. Setilaiti haitaona chochote cha kutofautisha miraba hiyo na shamba la mihogo. Watu wameongezeka, na namba imebaki pale pale.

Mfano huu hauko mbali na hali halisi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja, kilizinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018. Kwa upande wa Tororo kuna kiwanda cha saruji kilichoanza katika miaka ya 1950. Aidha, Tororo ni miongoni mwa manispaa 14 za kwanza za Uganda zilizoingizwa mwaka 2013 katika mpango wa kujenga barabara za miji pamoja na taa zake. Hata hivyo, hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba Busia ya Uganda ilikuwa na wakazi wengi kuliko Tororo. Kiwanda na barabara yenye taa huweza kuupa mji nuru isiyolingana na idadi ya watu wake.

Umeme wenyewe nao huleta utata. Kenya ilianza mwaka 2015 mpango mkubwa wa kuunganisha umeme kwa kaya zilizo karibu na transfoma. Uganda ina mashirika yake na mipango yake. Basi, upande mmoja wa Busia ukiongeza nuru kuliko mwingine, huenda sababu ni nyaya zilizofika mapema, wala si wahamiaji. Tena taa za barabarani za rangi ya manjano zikibadilishwa kuwa taa nyeupe za kisasa, mji waweza kuonekana umefifia, kwa kuwa chombo cha setilaiti hiyo hakipokei mwanga wa buluu uliomo katika taa nyeupe.

Afanyeje basi anayetaka kuzitumia picha hizi? Kwanza, asiunganishe namba za DMSP na za Suomi NPP kana kwamba ni mfululizo mmoja; vipimo ni tofauti. Pili, atazame ni usiku mangapi bila mawingu yaliyoingia katika picha ya kila mwezi, kwani wakati wa masika huwa machache; picha ya mwaka mzima ni salama zaidi. Tatu, apime shamba lenye giza lililo karibu na kutoa kiasi hicho, maana hata giza lina namba yake ndogo. Nne, miraba ya kituo cha mpakani na ya kiwanda aihesabu peke yake. Katika mfano wetu, miraba 19 iliyobaki ingempa vizio 9 na nusu kabla na baada ya ujenzi, naye angetambua mara moja kwamba ongezeko lote limetoka mahali pamoja.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha na picha za mchana. Picha za Sentinel-2, zilizoanza mwaka 2015, huonyesha vitu vya ukubwa wa meta 10, na mabati mapya ya mtaa huanza kutambulikana hata kama usiku ni giza tupu. Pale ambapo mchana unaonyesha mapaa mengi na usiku hauonyeshi nuru, huenda kuna watu wasiofikiwa na umeme. Huko ndiko kunakostahili kutumwa karani mwenye daftari, akabishe hodi nyumba kwa nyumba.