Simu Ikinyamaza, Tarehe ya Kliniki Bado Iko

Manze, sema uko Garissa na kesho mtoi anafikisha wiki 10, siku ya chanjo. Kawaida simu hulia siku moja kabla kukukumbusha. Leo kimya. Wengi watadhani tarehe imesongeshwa, wabaki keja. Zii! Sistimu ikizima, kinachopotea ni ujumbe tu.

Kliniki iliyojipanga itatuma esemesi kama hii:

"Leo Jumatatu vikumbusho havitumwi. Kama kitabu au kadi yako imeandikwa kesho, njoo kama kawaida. Ukishindwa kufika, tupigie."

Cheki vile haijataja ugonjwa wala dawa, juu simu moja inaweza kuwa ya familia nzima. Pia haifiki herufi 160, so inaenda kama esemesi moja.

Lakini kaa rada: netiweki ikipotea mtaani, hata hiyo haitakufikia. Ndio maana kitabu ndicho mdosi. Fungua ukurasa wa chanjo, soma tarehe ya kurudi.

Na kama tayari umechelewa, usijifiche. Mpeleke mtoi haraka. Chanjo haianzi upya, mnaendelea mlipofikia.