Nyota, namba na alama ya kuuliza: ratiba ya cron inapohamia kwenye wingu

Ofisi moja inataka ripoti ya mauzo itumwe kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam. Kwenye seva ya kawaida ya Linux iliyowekwa saa za huko, mstari mmoja unatosha:

```
0 8 * * 1-5
```

Ni sehemu tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Nyota maana yake ni "yoyote". Mpango wa cron ulikuwamo katika toleo la 7 la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, na mafundi wa kompyuta wengi wanauandika mstari wa namna hii bila kufungua kitabu.

Shida huanza kazi hiyo inapohamishiwa EventBridge, huduma ya Amazon (AWS) ya kuamsha kazi kwa ratiba. Fundi akibandika mstari wake kama ulivyo, unakataliwa, kwa sababu EventBridge inadai sehemu sita: ile ya mwisho ni mwaka. Anaongeza nyota mwishoni, na bado unakataliwa. Kinachokosekana ni alama ya kuuliza.

Alama hiyo ina kazi moja tu: kusema "sehemu hii usiiangalie". Tarehe na siku ya wiki zote mbili zinataja siku, na EventBridge haikubali zote zitoe amri kwa pamoja. Moja ikitumika, hata kwa nyota, nyingine lazima iwe alama ya kuuliza.

Cron ya zamani haina katazo hilo, lakini ina mtego wake. Mtu akitaka Ijumaa inayoangukia tarehe 13, anaweza kuandika hivi:

```
0 8 13 * 5
```

Badala ya kusubiri siku zote mbili zikutane, cron huendesha kazi kila tarehe 13 na pia kila Ijumaa. Sehemu zote mbili zikiwa na namba, yenyewe inasoma "au", si "na". Kwenye EventBridge utata huo hauwezi kutokea. Anayetaka tarehe 13 pamoja na kila Ijumaa huko anaandika ratiba mbili.

Turudi kwenye ripoti. Fundi sasa ameweka alama ya kuuliza mahali pa tarehe:

```
cron(0 8 ? * 1-5 *)
```

Safari hii unapokelewa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana una makosa mawili ambayo mfumo hauwezi kuyaona. La kwanza ni namba za siku. Cron ya zamani huhesabu Jumapili kuwa 0 na Jumatatu kuwa 1. EventBridge huhesabu Jumapili kuwa 1 na Jumatatu kuwa 2. Kwa hiyo ripoti itatumwa Jumapili hadi Alhamisi, na Ijumaa ofisi itasubiri bure. La pili ni saa. Kanuni za ratiba za EventBridge husoma saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo 8 inakuwa saa 5 asubuhi Dar es Salaam.

Mstari sahihi ni huu:

```
cron(0 5 ? * MON-FRI *)
```

Kuandika majina ya siku badala ya namba kunaondoa kosa la kwanza kabisa. Kuhusu saa, huduma mpya zaidi ya AWS, EventBridge Scheduler, inamruhusu mtu kuchagua `Africa/Dar_es_Salaam`, kisha akaandika 8 na isomwe 8. Kabla ya kuhifadhi, ukurasa wa AWS huonyesha tarehe zijazo ambazo kazi itaamka. Jumapili ikionekana pale, kosa limejulikana mapema.

Mfumo huu una faida ambayo cron ya zamani haikuwa nayo. Herufi `L` kwenye sehemu ya tarehe ni siku ya mwisho ya mwezi, iwe 28 au 31, na `2#1` kwenye siku ya wiki ni Jumatatu ya kwanza. Kwenye Linux, mwisho wa mwezi huhitaji hila: kazi huamshwa tarehe 28 hadi 31, kisha amri ya ziada inaangalia kama kesho ni tarehe 1.

Anayehamia wingu jingine asidhani sehemu sita ni zilezile kila mahali. Cloud Scheduler ya Google imebaki na tano za zamani. Azure Functions ya Microsoft ina sita, lakini ya ziada iko mwanzoni na ni sekunde, na alama ya kuuliza haimo. Ripoti ileile huko, eneo la saa likiwa limewekwa kwenye mipangilio, ingeandikwa `0 0 8 * * 1-5`, na 1 ni Jumatatu tena.