Miaka miwili iliyokwisha na miaka miwili inayoendelea

Nilikuwa na wiki tatu Valencia siku nilipoingia kwenye mgahawa mmoja karibu na soko kuomba kazi ya kuosha vyombo. Binamu yangu alikuwa amefanya kazi pale zamani, akaondoka kwa wema, na yeye ndiye aliyenielekeza. Njia nzima nilikuwa nakariri sentensi moja ya kumtaja: *Hace dos años que trabajó aquí*, yaani ni miaka miwili sasa tangu afanye kazi hapa. Mwenye mgahawa, mzee aliyekuwa akipangusa mashine ya kahawa, alinisikiliza, akaweka kitambaa chini, akaniambia polepole kwamba yeye yupo pale kila siku na hajapata kuniona hata mara moja.

Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye ninayefanya kazi pale, na kwamba nina miaka miwili kazini.

Kosa halikuwa kwenye maneno bali kwenye mkazo. Kihispania huandika *trabajo*, ninafanya kazi, na *trabajó*, alifanya kazi, na kwa maandishi kinachoyatenganisha ni kialama kidogo juu ya herufi ya mwisho. Kwa sauti, la kwanza ni tra-BA-kho na la pili ni tra-ba-KHO, na hiyo kh ni ya Khamisi. Sisi tuliolelewa na Kiswahili mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kitabu, nyumbani, tunaondoka, bila hata kufikiri. Ulimi wangu ulifanya ulichozoea. Ukaigeuza "alifanya" kuwa "ninafanya", na miaka miwili iliyokwisha zamani ikawa miaka miwili ambayo bado inaendelea.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu fumbo zima la muda katika Kihispania limo ndani yake. Neno *hace* linatokana na kitenzi cha kufanya. Neno kwa neno, *hace dos años* ni "inafanya miaka miwili", na wasomaji wetu wa Kongo hawatashangaa, maana hata kwao mtu husema inafanya miaka kadhaa tangu jambo fulani litokee. Hakuna anayefanya hapo, kwa hiyo kitenzi hubaki hivyo hivyo katika umoja, iwe mwaka mmoja au mia. Anayesema *hacen dos años* amekosea. Lakini *hace* peke yake haisemi kama jambo limekwisha au linaendelea. Inapima tu umbali kutoka sasa kurudi nyuma. Kinachosema habari iliyobaki ni kitenzi kinachofuata. Kikiwa cha wakati uliopita, *hace dos años que trabajó*, jambo lilitokea huko mwisho wa kipimo, likaisha. Kikiwa cha wakati uliopo, *hace dos años que trabajo*, jambo lilianza huko na mpaka unapozungumza halijakatika.

Hapo ndipo Mswahili anapoteleza mara ya pili, hata akiwa ameshaunyoosha mkazo wake. Sisi tunasema "nimeishi hapa miaka miwili", na ile -me- inatutosha kueleza kitu kilichoanza nyuma na bado kipo. Mwanafunzi akitafuta -me- ya Kihispania atapewa *he*, naye ataunda *he vivido aquí dos años*. Sentensi hiyo ni sahihi, watu wanaisema, ila aghalabu inasikika kama mtu anayejumlisha hesabu: nimepata kuishi hapa, jumla miaka miwili, na huenda sasa nahama. Kama ungali unaishi hapo na ndilo unalotaka lijulikane, Mhispania anategemea kitenzi cha sasa: *Hace dos años que vivo aquí*. Ninaishi. Kwake, jambo likiwa bado lipo huliita lipo, hata kama lilianza zamani za babu.

Sasa *desde*, ambalo ni tangu. Hili huhitaji nukta ya kuanzia, kitu cha kusimika kigingi: *desde 2019*, *desde marzo*, *desde que llegué*, tangu nilipofika. Ukilipa urefu badala ya nukta, linakataa. *Trabajo aquí desde dos años* ni kosa ambalo mwalimu wa Kihispania hulisahihisha kila muhula, na kwetu huja kirahisi kwa sababu tunasikia "tangu miaka miwili". Lakini jisikilize vizuri. Kiswahili kilichonyooka hakisemi "tangu miaka miwili" na kunyamaza, kinasema "tangu miaka miwili iliyopita". Lile neno "iliyopita" ndilo linalochukua urefu wa miaka miwili, likaurudisha nyuma kutoka leo, likapata siku ambayo mtu anaweza kuanzia kuhesabu. Katika Kihispania kazi hiyo inafanywa na *hace*, na ndiyo maana maneno mawili husimama pamoja: *Trabajo aquí desde hace dos años*. Tangu, miaka miwili iliyopita. Tangu nilipoliona hilo sijawahi tena kulisahau lile *hace*, kwa sababu nalisikia "iliyopita" kila ninapolitamka.

Linabaki *llevar*, nami nakiri kwamba hili ndilo ninalolipenda. Ni kitenzi cha kubeba, kuchukua, hata kuvaa nguo. Mara ya kwanza mtu kituoni aliponiuliza *¿Llevas mucho tiempo esperando?* nilitazama mikono yangu, nikidhani ananiuliza nimebeba nini. Alikuwa ananiuliza kama nimesubiri sana. Anayesubiri ameubeba muda wake, na kila dakika ikipita mzigo unaongezeka. Muundo ni mwepesi: *llevo*, kisha urefu, kisha kitenzi chenye mwisho wa -ando au -iendo, ambao hufanya kazi kama -ki- yetu ya "nikifanya". *Llevo dos años trabajando aquí*. Nina miaka miwili nikifanya kazi hapa. Tazama jinsi Kiswahili kinavyolingana nacho hapo, kipande kwa kipande: nina, miaka miwili, nikifanya. Sisi tuna miaka, Mhispania anaibeba. Na huko Meksiko, Amerika ya Kati na Venezuela utasikia watu wakisema kama sisi kabisa, *tengo dos años trabajando aquí*, *tengo* ikiwa ndiyo "nina". Mswahili akifika huko anaweza kufumba macho na kutafsiri kwa mara moja ile.

Ubora wa *llevar* ni kwamba haina uso wa pili. *Hace* inaweza kuelekea kwenye kilichokwisha au kinachoendelea, na kuna mahali hata kitenzi hakiwezi kukuokoa. Chukua "sisi". *Vivimos* ni tunaishi, na *vivimos* hiyo hiyo ni tuliishi, bila alama, bila tofauti ya mkazo. *Hace dos años que vivimos en Valencia* inaweza kuwa familia iliyo na miaka miwili mjini, au familia iliyohama miaka miwili iliyopita, na msikilizaji hana la kushika isipokuwa mazungumzo yaliyotangulia. Ndivyo ilivyo pia kwa *trabajamos*. Ukisema *llevamos dos años viviendo en Valencia*, hakuna wa kukuelewa vibaya. Kwa mgeni ambaye mkazo wake bado unayumba, ushauri wangu ni kwamba abebe: kitu kikiwa kinaendelea, aseme *llevo*, kwa sababu hata akikosea lafudhi maana inafika salama.

Kitenzi hicho kina mipaka yake, na inafaa kuijua mapema. Hakikubali wakati uliopita uliofungwa. Huwezi kusema *llevé dos años trabajando*, kwa sababu ukishakifunga kipindi huna mzigo tena mgongoni. Kwa mambo ya zamani kinachukua sura ya *llevaba*, inayoliacha jambo wazi mpaka lingine likatokea: *Llevaba dos horas esperando cuando llegó el autobús*, nilikuwa nimeshasubiri saa mbili basi lilipofika. *Hace* nayo hufanya hivyo, ikawa *hacía*: *Hacía dos horas que esperaba*. Tena *llevar* haitaki *estando* baada yake. Ukiwa mahali tu, unasema *llevo tres semanas en Valencia* na basi, wala hakuna haja ya kutafuta "nikiwa". Na haitaki matukio ya mara moja, kama kufika au kuzaliwa, maana hayo hayana urefu wa kubebwa. Hayo mwachie *hace*: *Llegué hace tres semanas*, nilifika wiki tatu zilizopita.

Kanusho lake limenigusa kuliko yote. Mwanafunzi hutaka kusema *llevo dos años no viendo*, kwa kuwa ameshazoea -ando na -iendo. Mhispania anasema *llevo dos años sin ver a mi madre*, nina miaka miwili bila kumwona mama. *Sin* ni bila, na kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la kawaida, *ver*, kama sisi tunavyosema "kumwona". Waweza pia kusema *hace dos años que no veo a mi madre*, na maana ni ile ile, lakini mtu wa kule akitaka uhisi uzito wa miaka yenyewe atachagua *llevo*. Nilimsikia mama mmoja wa Ekuado akiisema sentensi hiyo kwenye foleni ya kutuma fedha nyumbani, akitaja miaka sita. Hakuna aliyehitaji kumuuliza kama bado anasubiri.

Siku ile kwenye mgahawa sikujua lolote kati ya haya. Nilirudia sentensi yangu kwa sauti kubwa zaidi, mkazo ukiwa palepale pabaya, na mzee akazidi kukunja uso. Mwishowe mpishi akatoka jikoni, akanitazama, akalitaja jina la binamu yangu, kwa sababu tunafanana. Kisha akanisahihisha mbele ya bosi wake kwa upole, akigonga kidole mezani kwenye silabi ya mwisho: traba-JÓ. Halafu akaniuliza, *¿Y tú, cuánto tiempo llevas aquí?* Nawe, una muda gani hapa? Nikajibu kwa neno alilonipa mwenyewe.

*Llevo tres semanas buscando trabajo.*

Mzee akachukua kitambaa chake, akaniambia nije kesho saa kumi na mbili asubuhi.