Ishara ya bei

Ishara ya bei ni habari ambayo bei ya bidhaa inampa muuzaji na mnunuzi kuhusu wingi au uhaba wa bidhaa hiyo. Bei ikipanda, mzalishaji anaona faida ya kutoa zaidi, na mnunuzi anaona sababu ya kutumia kidogo au kutafuta kitu kingine. Hakuna anayewaamuru, na mara nyingi wao wenyewe hawajui bei imepanda kwa nini.

Mwanauchumi Friedrich Hayek, mzaliwa wa Austria, alieleza jambo hili katika makala ya mwaka 1945 kwa mfano wa bati. Kama bati limekuwa adimu, aliandika, watumiaji hawana haja ya kujua kama mgodi umefungwa au matumizi mapya yamegunduliwa. Yawatosha kuona kwamba limekuwa ghali, nao wataanza kulibania. Mfano wake ulikuwa wa kubuni, lakini kobalti ya Kongo ilipitia karibu hatua hizohizo kati ya miaka 2016 na 2019.

## Kupanda kwa bei ya kobalti

Kobalti ni metali inayotumika katika betri nyingi za lithi, zikiwemo za simu na za magari ya umeme. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa karibu na mji wa Kolwezi. Mwanzoni mwa mwaka 2017 tani moja iliuzwa takriban dola 32,000 katika Soko la Metali la London. Mwezi Machi 2018 ilifika karibu dola 95,000. Viwanda vya magari vilikuwa vimetangaza mipango mikubwa ya magari ya umeme, na mifuko ya wawekezaji ilikuwa imenunua kobalti na kuiweka ghalani ikingoja bei ipande zaidi.

Kolwezi hapakuhitajika tangazo lolote. Wachimbaji wadogo huuza mawe yao kwenye vituo vya ununuzi kandokando ya barabara. Huko mnunuzi hupima kiasi cha kobalti kwa mashine ya mkononi, kisha hulipa kwa kilo kulingana na kipimo hicho. (Wachimbaji hulalamika mara kwa mara kwamba mashine hizo husoma chini kuliko ukweli, na mtu asiye na mashine yake hana njia ya kubisha.) Bei ya London ilipopanda, bei ya vituo nayo ilipanda, ingawa si kwa kiwango kilekile. Watu walioacha kuchimba walirudi, wengine wakatoka vijijini, na mawe yenye kobalti kidogo, ambayo zamani yaliachwa kama taka, yakaanza kuwa na mnunuzi. Kampuni kubwa nazo ziliharakisha kupanua migodi.

## Upande wa wanunuzi

Upande wa pili ndio uliobadilika kwa kudumu zaidi. Kathodi ya betri ya aina moja ya kawaida ilikuwa na nikeli, manganisi na kobalti kwa kiasi sawa. Betri ya gari yenye uwezo wa kilowati-saa 60 ya aina hiyo inahitaji takriban kilo 24 za kobalti. Kwa bei ya dola 30 kwa kilo, hiyo ni dola 720. Kwa bei ya dola 95, ni dola 2,280 kwa kila gari, kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote.

Wahandisi walikuwa tayari wanajua mchanganyiko mwingine, wenye sehemu nane za nikeli kwa moja ya manganisi na moja ya kobalti. Betri ileile ikitengenezwa hivyo hutumia kilo zipatazo 6 tu. Hata kwa bei ya juu kabisa, kobalti yake ingegharimu dola 570, yaani chini ya ile ya betri ya zamani kabla bei haijapanda. Mchanganyiko huu una shida zake, kwani nikeli nyingi huifanya kathodi isiwe imara kwenye joto, na utengenezaji wake unataka uangalifu zaidi. Bei ndiyo iliyofanya shida hizo zistahili kubebwa. Baadaye viwanda vingi, hasa vya China, viligeukia betri za fosfati ya chuma, ambazo hazina kobalti kabisa.

Kufikia katikati ya mwaka 2019 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 30,000 kwa tani. Migodi ilikuwa imetoa zaidi, wanunuzi walikuwa wameanza kuhitaji kidogo, na waliohifadhi ghalani walikuwa wakiuza. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Glencore ilisimamisha mgodi wa Mutanda, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya kobalti duniani wakati huo. Hiyo nayo ilikuwa ishara ya bei ikifanya kazi, safari hii ikisema "punguza". Viwanda vilivyokwisha kubadili mchanganyiko havikuwa na sababu ya kurudi nyuma.

## Mahali ishara inapofifia

Mzalishaji hawezi daima kutii. Nchini Kongo kobalti kwa kawaida hutoka pamoja na shaba katika jiwe moja, na shaba ndiyo inayolipa gharama za mgodi mkubwa. Kwa hiyo katika miaka 2023 na 2024 uzalishaji wa kobalti uliendelea kuongezeka ingawa bei yake ilikuwa ikishuka, kwa sababu shaba ilikuwa na bei nzuri. Anayetazama bei ya kobalti peke yake angedhani wachimbaji wamepotewa na akili. Mchimbaji mdogo ni tofauti, kwani yeye anaweza kuacha shimo lake leo na kurudi mwezi ujao.

Pia bei haisemi uhaba utadumu muda gani. Mgodi huchukua miaka kupanuliwa, na bei iliyouanzisha inaweza kuwa imeanguka kabla haujakamilika. Mtu akinunua ili kuficha ghalani, bei hupanda sawasawa na pale anaponunua ili kutengeneza betri, na mchimbaji hana njia ya kutofautisha.

Tena bei hubeba tu gharama ambazo mtu fulani analazimika kuzilipa. Vumbi analovuta mchimbaji, shimo linaloporomoka na mtoto anayeosha mawe badala ya kuwa darasani havimo katika dola 95,000 za London. Bei ikipanda, mambo hayo huongezeka.

Serikali nayo inaweza kuishika bei yenyewe. Mwezi Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na tangu Oktoba mwaka huo ikaruhusu kiasi maalumu kwa kila kampuni. Amri hiyo iliwalenga wasafirishaji waliomo nchini tu. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili kufikia mwisho wa mwaka, na kwa njia hiyo ujumbe ukawafikia wazalishaji wa Indonesia, ambao hupata kobalti pamoja na nikeli, na watengenezaji wa betri waliokuwa bado hawajaacha kuitumia.