Kotmiri ya Kila Juma: Hesabu ya Matuta, Bungoma na Kitale

Mama wa nyumba hahitaji kapu zima la kotmiri kwa siku moja. Ahitaji fungu dogo kila juma. Mboga hii, ambayo ndugu zetu wa Bungoma na Kitale huiita dania, haina subira. Ikikawia tutani hutoa bua refu na maua, na majani hupungua. Asiaye mbegu zote siku moja hupata wingi wa juma moja, kisha ukosefu. Sukuma wiki si hivyo: huchumwa jani baada ya jani kwa miezi, wala haina haja ya kusiwa kila juma.

Tuchukulie kwamba huko Bungoma kotmiri yachukua majuma 6 tangu kusiwa hadi kukatwa. Ongeza juma 1 la kuvuna na juma 1 la kutia samadi na kupumzisha udongo. Jumla ni 8. Basi yatakiwa matuta madogo 8, na kila Jumamosi lasiwa moja. Tuta la kwanza huvunwa juma la 7, hupumzika juma la 8, na juma la 9 husiwa tena. Mzunguko umetimia. Kabla ya kusia, punje husagwa kidogo ili zigawanyike mara mbili, kisha hulowekwa usiku kucha.

Lakini Kitale iko juu zaidi, karibu mita 1,900, ilhali Bungoma ni kama mita 1,400. Baridi hukawiza mmea. Ikiwa huko huchukua majuma 8, matuta yatakuwa 10.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitambui: kusia kila baada ya siku 7 hakuleti daima mavuno ya kila siku 7. Baridi inapoingia, kuelekea mwezi wa Juni, kila tuta hukawia kuliko lililolitangulia, na pengo la mavuno hupanuka. Wakati huo yafaa kusia kila baada ya siku 5 au 6. Joto likirejea, matuta ya nyuma huyafikia ya mbele, na mawili huiva pamoja. Hapo ngoja siku 8 au 9.

Utajuaje? Tazama matuta kama ngazi. Vidato vikiwa sawa, endelea. Tuta changa likikaribia kimo cha kaka yake, chelewesha mbegu. Likiachwa mbali mno, harakisha. Na mvua kubwa ya Aprili ikigandamiza udongo hata miche isichomoze, sia upya mara moja, kwani juma lililopotea halirudi.

Kuanzia Desemba hadi Februari, jua na ukavu huiharakisha kotmiri kutoa maua. Asiye na maji ya kumwagilia kila siku wala kivuli, heri apunguze matuta mpaka mvua zirejee.